"Sina" sio "hapana": nilivyojifunza kukataa jamaa zangu, na pale nilipoharibu

mtoto_wa_Wete
Asalam aleikum wanabaraza. Uzi mrefu huu mwenye haraka apite tu. Mie Mpemba, kwetu Wete, nakaa Fuoni, nafanya kazi ya stoo kwenye hoteli moja huko pwani ya mashariki. Mshahara wangu 680,000, nna mke na mtoto mmoja. Mzee wangu keshatangulia, mama yupo Wete, na mie ndo mtoto mkubwa, sasa nyie mshajua hadithi inapoelekea.

Nilikuwa nna muhali. Sio muhali wa kawaida, muhali ule wa kuwa simu ikilia jina la shangazi mkono unakwenda kwenye menyu ya kutuma pesa kabla hata hujaitikia salamu. Siku moja mtoto kachemka usiku, asubuhi mke ananambia twende tukanunue dawa, naangalia kwenye simu nna 3,000. Na jana yake tu nimemtumia mtoto wa shangazi angu 40,000 ya tairi la pikipiki. Nikaenda kukopa kwa jirani, jirani ambae hata hatujuani vizuri, kanipa bila ya neno na ndo kikaniuma zaidi. Wiki mbili baadae namsindikiza mtu bandarini nakutana na ami mmoja kaja na boti kutoka Mkoani, tunaongea ongea ananambia aa yule kijana si kaiuza ile pikipiki zamani. Keshaiuza miezi miwili! Mie natuma tairi la pikipiki ya mtu mwengine.

Basi nikakaa chini nikafungua meseji zote za kutuma pesa, miezi mitatu, Julai mpaka Septemba, nikaziandika kwenye daftari moja moja. Mama 100,000 kila mwezi, hiyo siihesabu ni haki yake. Nje ya mama nimetuma mara 23, jumla 612,000. Maradhi mara tano 130,000. Skuli za watoto wa watu mara tatu 72,000. Michango ya harusi mara nne 120,000. Vocha na nauli mara tano 50,000. Halafu mtu mmoja peke yake, huyo huyo wa pikipiki, mara sita, 240,000. Ukichanganya na ya mama ni karibu nusu ya mshahara wote, na kodi ya nyumba nalipa 120,000 kwa mwezi. Mwezi wa Agosti nilikopa 400,000 ili nisionekane sina.

Na kilichonishangaza zaidi ni kuwa mie nilikuwa NAKATAA. Nimesoma meseji zangu mwenyewe. Kila mtu nimeanza kumwambia "sina ndugu yangu". Wao wanajibu "haya ukipata nkumbuke", tarehe 28 inafika, wananikumbusha, natuma. Sina yangu ilikuwa sio hapana, ilikuwa ni miadi. Na kuna siku shemeji yangu kaweka friji letu jipya kwenye status, tumelipa kidogo kidogo miezi minne, basi nikapigiwa na mamdogo, "kumbe pesa zipo mwanangu". Toka siku ile nikawa muongo ukoo mzima.

Nataka kujua wenzangu mnakataa vipi, maneno gani khasa mnatumia. Mie nishajaribu na nimevuruga, ntaeleza.

Mzee_wa_Kiuyu
Aleikum salaam. Kijana mie nakusoma na nakuonea huruma lakini nakuonea wasiwasi pia. Haya mambo ya mipaka mipaka mnayasikia wapi? Siku mzee wako alipofariki nani alikuja na muhogo na mchele, nani alichimba kaburi, nani alilala pale siku tatu? Ni hao hao unaowahesabu kwenye daftari. Pesa unayompa jamaa haikupotea, imewekwa. Ukiifunga mkono leo utakuja kuzika peke yako.

shoga_wa_Michenzani
We mtoto wa Wete una bahati unaombwa pesa, inatumwa imekwisha. Mie naombwa godoro. Mume wangu kwao Konde, sisi tunakaa flati vyumba viwili, kila anaekuja kutibiwa Mnazi Mmoja anateremkia kwangu. Si vibaya, mgonjwa ni mgonjwa. Ila mgonjwa anakuja na wa kumuuguza, anaemuuguza anakuja na mtoto, mgonjwa anapona anarudi, aliekuja kuuguza kabaki anatafuta kazi. Mwaka jana kuna mtu kakaa kwangu toka kabla ya Ramadhani mpaka baada ya Idd kubwa. Mie nalala jikoni kwangu wallahi. Nikamwambia mume sema na watu wenu, ananambia n'na muhali. Nikamwambia na mie nna mgongo.

Nilichokuja kufanya, mtu akipiga kabla hajapanda boti namwambia karibu sana, nafasi ninayo ya siku saba, kuanzia Jumatatu mpaka Jumatatu. Naisema ile siku. Akishafika imekwisha, huwezi kumwambia mgeni ondoka, utakuwa mbaya mpaka kiama. Ila akiwa bado yuko Konde unaweza. Wawili hawakuja. Mmoja kaja kakaa siku saba kamili kaondoka, na tunasalimiana vizuri tu.

ustadh_mtaani
Ndugu zangu tumche Mungu. Kuunga udugu ni wajibu na mwenye kukata udugu ana hatari kubwa. Jamaa akikuomba na unacho ukamnyima umekata udugu, hakuna mjadala. Wewe mtoa mada kama unaona nzito toa zaka yako mpe mama, na ile 100,000 ya kila mwezi ihesabu humo humo, hapo unapata nafuu.

Ukhty_Salma
Ustadh kwa heshima, hapo kwenye zaka umeteleza. Mama yake akiwa hana, kumlisha ni wajibu wake yeye mtoto, na mtu huwezi kulipa wajibu wako kwa zaka, ni sawa na kujilipa mwenyewe. Zaka anaweza kumpa ndugu au mtoto wa shangazi kama ni fakiri kweli, maana hao si lazima yake kuwalisha. Mama hapana.

Na hilo la kuwa kila anaeomba ukimnyima umekata udugu pia sio hivyo. Fungua Suratul Israa aya ya 26 mpaka 29, somo zima limo mle. Inaanza kwa kusema mpe jamaa haki yake, sawa, hapo hapo inakataza ubadhirifu. Halafu inakuja ile ambayo watu wanairuka, kama huna cha kuwapa kwa sasa basi waambie neno laini. Yaani imeshajulikana kuwa kuna siku utakataa, ukafundishwa na namna ya kukataa. Kisha ndo ile ya mkono, usiufunge shingoni wala usiukunjue wote ukabaki unalaumiwa na huna kitu. Huyu ndugu yetu kakopa kwa jirani dawa ya mwanawe, na kumlisha mtoto na mke ni wajibu juu yake kabla ya tairi la mtu.

ustadh_mtaani
Ahsante kwa hilo la zaka, nimekubali. La udugu nabaki na rai yangu kuwa watu watalichukulia wepesi.

Bahari_Kuu
Kaka pole, mie mwenyewe namdai mtu laki tatu mwaka wa pili. Kudai jamaa ni tabu, nakushauri nenda kwa sheha muandikishiane, na kwenye Baqara imo kabisa kuwa deni liandikwe.

mtoto_wa_Wete
@Bahari_Kuu mie sidai mtu ndugu yangu, mie ndo naombwa 😅 ila ahsante.

@Mzee_wa_Kiuyu shikamoo mzee. Umenigusa kwenye msiba wa mzee maana kweli walikuja. Lakini nimerudi kwenye daftari nikaangalia majina. Walioshika jembe siku ile ni kina ami wawili na majirani, na hao hawajaniomba hata shilingi. Huyu wa pikipiki alikuja siku ya hitma.

bi_kisanduku
Nimeona mada nikasema leo sipiti. Mie kazi yangu miaka mingi ni kuzunguka na vikundi vya hisa vya kinamama, Unguja na Pemba, na ukitaka kujua vikundi vinakufa na nini basi sio riba wala wizi, ni mwanachama kukopa ili ampe jamaa. Kwa hiyo hii mada ya mtoto wa Wete nimeisikia kwa wanawake wengi sana.

Nianze na mzee wa Kiuyu, sababu ana haki nusu. Kuna kutoa kunakozunguka na kuna kutoa kunakokwenda njia moja. Ubani, mchango wa harusi, mgonjwa alielazwa, hivyo vinazunguka, watu wengi tunaandika mpaka kwenye daftari nani kamtunza bibi harusi wetu kiasi gani ili tumrudishie kwake. Usikate hapo. Ukikata hapo ndo utazika peke yako kweli. Lakini tairi, vocha, "nimekwama kidogo", hizo haziandikwi na mtu yeyote popote, hata yule aliepokea hakumbuki. Hapo ndo pa kuanzia. Kwa hesabu yako mtoto wa Wete, harusi na maradhi ni 250,000 kwa miezi mitatu, mtu wa mshahara wako anaibeba. Mtu mmoja na vocha ni 290,000. Tatizo lako sio ukoo, ni mtu mmoja na tabia moja.

La pili, neno. Umelisema vizuri kuwa sina ni miadi. Kila sababu unayotoa ni tatizo unalompa mwenzio akutatulie. Ukisema sina, atasema ukipata. Ukisema mwisho wa mwezi bado, atasema nasubiri. Ukisema mke kashika pesa, umemuuza mkeo. Sisi tunawafundisha kinamama waseme "hili sitoweza". Basi. Sio "sina", "sitoweza". Halafu unaweka neno lako laini: Mungu akufungulie, nisalimie watoto. Na unanyamaza, huongezi. Ile kunyamaza ndo kazi ngumu kuliko neno lenyewe, maana watu wengi wanakataa vizuri halafu wakisikia kimya upande wa pili wanaanza kujieleza, na kwenye kujieleza ndo wanaponaswa.

Kama ulimi mzito basi usijibu pale pale. Sema "nimekusikia, ntakujibu Ijumaa usiku", na Ijumaa umjibu kweli. Utashangaa wangapi Alkhamisi washapata pengine.

La tatu, na hili ndo linalowaangusha. Ukianza kukataa, maombi HAYAPUNGUI, yanaongezeka kwanza. Alikuwa anapiga mara moja atapiga mara kumi, atatuma mtu, atalia, atasema umebadilika. Mtu anaona dawa haikufanya kazi anatoa. Ukikataa mara tano ukatoa ya sita, umemfundisha kuwa bei yako ni mara sita, na safari ijayo ataanzia hapo. Bora ungetoa ya kwanza, ungepata na shukurani.

mtoto_wa_Wete
Bi kisanduku ulikuwa wapi mie nilipokuwa naharibu 😭

Basi nieleze nilivyofanya. Mwezi wa Oktoba nikajipangia, mama 100,000 inatoka kwanza siku ya mshahara, halafu nna fungu la jamaa 90,000, likiisha limeisha. Mgonjwa simpi pesa mkononi, nalipa duka la dawa kwa simu au namwambia anitumie cheti. Nikafurahi na nafsi yangu. Yule wa pikipiki akapiga, anataka 60,000 ya kianzio cha biashara ya madafu, nikamwambia hapana. Nilisema hivyo hivyo, "hapana", kama askari.

Sikuwa nimemwambia mama. Hilo ndo kosa langu la kwanza. Kijana kampigia mamake, yaani shangazi, shangazi kampigia mama, mama kapigiwa akiwa kwenye shughuli ya watu, kaona haya mbele za watu. Jioni nakuta simu 11 nimezikosa. Kwenye grupu la ukoo mtu kaandika "wengine wakishakula mkate wa hoteli wanasahau muhogo", hakutaja jina, hakuhitaji. Na mimi kwa hasira nikaandika pale pale kwenye grupu kila kitu, kuwa jamani nna fungu la 90,000 kwa mwezi, anaetaka aombe mapema. Kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza, na mpaka leo ndo linanitesa.

Halafu nikaja kugundua kitu. Mke wangu alikwenda Wete kwa wiki, ananambia nyumbani kwa mama hakuna mafuta ya kula, gesi imekwisha wanapikia makumbi. Mie nashangaa, 100,000 naituma. Kumbe mama anapokea, halafu anamkatia shangazi 30,000, kijana 20,000, ili watu wasiseme mwanawe kawatupa. Mie nimefunga mlango wa mbele, yeye kafungua wa uani kwa pesa yake ya kula.

shoga_wa_Michenzani
Mamako kalipia muhali wako. Subhanallah. Na mie ingekuwa mamangu ningelia.

bi_kisanduku
Hii inatokea sana, na dalili yake ndo hiyo, unatuma kama kawaida lakini nyumbani kwa mzee panapungua. Kwa wanaosoma: ukitaka kuanza, mtu wa kwanza kumwambia sio muombaji, ni yule ambae watu watampitia. Kwa wengi wetu ni mama. Na humwambii "nakataa", unamuuliza, "mama, kati ya hawa nani tukimkosa wewe utaona haya kweli?" Mara nyingi atakutajia mtu mmoja au wawili. Hao wabakishe. Wengine atakwambia mwenyewe, aa huyo muache.

Kwa mama yako sasa, badilisha namna ya kupeleka. Gesi ilipe wewe moja kwa moja dukani, mchele agiza duka la mtaa ulipe mwisho wa mwezi, mkononi umpe kidogo. Gesi haigawanyiki kwa shangazi.

mtoto_wa_Wete
Hilo la gesi nimelifanya toka Disemba, mchele bado. Mama alinuna siku mbili akasema namfanya mtoto, halafu akasema "kidogo umenipumzisha, sasa nawaambia kweli mie sina". Yake ni sina ya kweli.

Mpemba_Dar
Mie naona rahisi tu, blok namba. Nimewablok wote toka 2021 nalala usingizi.

Mzee_wa_Kiuyu
Na watoto wako wanamjua ami yao nani?

Mpemba_Dar
Mzee hilo sina jibu.

Ukhty_Salma
Bi kisanduku naomba nikuulize, haya maneno ya "sitoweza" yanafaa kwa kila mtu? Mie nakaa nyumba ya urithi haijagawiwa, ami ndo anaeishika. Ami akiniomba nimwambie sitoweza, kesho ananambia chumba changu kinataka kufanyiwa matengenezo nihame.

bi_kisanduku
Hapana haifai. Ukiwa chini ya mkono wa mtu, kukataa kwako kuna bei na bei yake ni chumba. Huyo usianze nae. Huyo pesa unazificha, sio kwa uongo, kwa kuziweka pasipofikika. Ndo kinamama wanapopenda kisanduku cha hisa, kina kufuli tatu na funguo wanazo watu watatu tofauti, kinafunguliwa siku ya kikao tu, na mgao ni mara moja kwa mwaka. Akikuomba unamwambia kweli tupu, pesa ziko kwenye kikundi. Hasira anampelekea nani, kufuli? Lakini jua na hicho kisanduku kinakopesha, ukienda kukopa mle ili umpe ami basi umerudi ulipotoka na riba juu. Na suala la urithi lenyewe ndo la kushughulikia, Mahakama ya Kadhi ipo, ila hiyo mada nyengine.

Mzee_wa_Kiuyu
Hapo bibi umesema kweli, urithi usiogawiwa ndo unaotuuza wengi. Na mie niseme, sijapinga kijana kukataa. Napinga alivyokataa kwa simu. Mtu mzima kama shangazi hukataliwi kwa simu wala kwenye grupu, unamfata nyumbani, unakaa chini, unapeleka hata kilo ya sukari, unasema. Akikutukana anakutukana ukiwa mbele yake, na sukari ipo.

mtoto_wa_Wete
Nimefanya mzee. Kabla ya kwenda nilipiga simu mara mbili hakupokea. Nikapanda boti nikaenda mpaka kwake, nikapeleka sukari na khanga moja. Nikamwambia shangazi msiba wako wangu, ugonjwa wako wangu, harusi ya binti yako nitasimama, ila biashara za kijana sitoweza. Kanyamaza muda mrefu sana na mie nikanyamaza, nilikuwa natokwa na jasho kama nabeba magunia ya karafuu. Mwisho kasema "na khanga hii jina lake gani?" akaanza kuisoma. Sijui ndo kakubali au kanipuuza. Salamu zangu anaitikia kupitia watu, simu bado hapokei.

shoga_wa_Michenzani
Khanga ilikuwa imeandikwaje jamani tusije tukawa tumemtukana bibi wa watu 😂

mtoto_wa_Wete
Sikuisoma! Nilichukua Darajani mbio mbio kabla ya boti.

Ukhty_Salma
Innalillahi. Huo ndo ujumbe wote umeusahau.

kijana_wa_Paje
Mtoa mada na mie nipo hoteli. Masika tunapewa nusu mshahara wengine tunarudishwa nyumbani kabisa. Hilo fungu la 90,000 mwezi wa nne unalitoa wapi? Au unawaambia nao wapate nusu?

mtoto_wa_Wete
Hapo ndo nilipokwama na ndo maana nikaleta uzi. Toka niliandike lile grupuni limegeuka haki ya watu. Tarehe 29 simu zinaanza, tarehe 2 limekwisha, anaeumwa kweli tarehe 15 hakuti kitu. Mwezi uliopita mtoto wa mamkubwa kalazwa tarehe 17 ikabidi nivunje sheria yangu mwenyewe, na walioona wakajua inavunjika.

bi_kisanduku
Ndo maana kiasi hakitajwi. Ukilitaja fungu limeshakuwa lao na wewe umekuwa karani. Mie ningelifuta, ningesema lile nililosema limekwisha, na siku za mbele ningelirudisha kimya kimya, nusu yake isiguswe kabla ya tarehe 15. Lakini nakwambia ukweli, kulifuta ni kukataa watu wote kwa siku moja, na sijamuona aliefanya hivyo bila ya kupigiwa kelele. Wengine wanasubiri masika ili sababu iwe inaonekana.

Mzee_wa_Kiuyu
Aseme kwenye kikao cha ukoo, sio grupuni.

mtoto_wa_Wete
Kikao cha ukoo kinafanyika kwa shangazi, mzee wangu.

Na wakati naandika hapa kijana wa pikipiki kanitumia meseji. Hajanisalimia miezi miwili. Kaandika "Asalam aleikum kaka, leo tarehe ngapi?"